Imejaa au Ni Tupu? Utata wa Foleni ya Duara Katika Tarakilishi

Utangulizi

Herufi inapobonyezwa kwenye kibodi, haifiki moja kwa moja katika programu inayoisubiri. Huwekwa kwanza katika foleni, na iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Aghalabu foleni hiyo hujengwa katika safu ya nafasi zisizoongezeka wala kupungua. Ili kuepuka kuzisogeza herufi zote kila mara moja inapotoka, safu huchukuliwa kana kwamba ni duara: baada ya nafasi ya mwisho hufuata ya kwanza. Makala haya yanafafanua jinsi foleni ya aina hiyo inavyoweza kushindwa kutofautisha kujaa na kuwa tupu, na jinsi kosa la moja tu katika kuhesabu linavyopoteza herufi bila onyo.

Chanzo cha Utata

Mathalan, pana safu ya nafasi nne zilizopewa nambari 0, 1, 2 na 3. Njia mojawapo ya kuitawala ni kuweka alama mbili: kichwa, kinachoonyesha herufi itakayotoka, na mkia, unaoonyesha nafasi itakayopokea herufi mpya. Mwanzoni alama zote mbili ziko kwenye 0, na foleni ni tupu. Neno KITI likiingizwa, mkia hupita 1, 2 na 3, kisha hurejea 0. Kichwa na mkia vimekutana tena, sawa na ilivyokuwa mwanzoni. Programu inayochukulia kwamba kukutana huko ni dalili ya utupu itasema hakuna herufi, ilhali zipo nne.

Kiini cha tatizo ni hesabu. Foleni ya nafasi nne inaweza kuwa na herufi 0, 1, 2, 3 au 4, yaani hali tano. Umbali kutoka kichwa hadi mkia katika duara hilo una thamani nne tu. Hivyo basi, hali mbili hazina budi kushiriki thamani moja. Tarakilishi ya IBM PC ya mwaka 1981 iliukwepa utata huu kwa kuacha nafasi moja wazi daima: foleni yake ya kibodi ilikuwa na nafasi 16, lakini ilihifadhi vibonyezo 15 tu. Kilichofuata kilikataliwa kwa mlio.

Idadi Badala ya Mkia

Njia ya pili ni kuuacha mkia na kuhifadhi idadi ya herufi zilizomo. Idadi huanzia 0 hadi 4, kwa hiyo kila hali hupata thamani yake. Mahali pa kuweka herufi mpya hupatikana kwa kujumlisha kichwa na idadi, kisha kuchukua kinachobaki baada ya kugawanya kwa ukubwa wa safu, kazi inayofanywa na alama ya `%`:

```
if (count == N) return 0;
a[(head + count) % N] = x;
count = count + 1;
return 1;
```

Wakati wa kutoa, programu hukataa ikiwa `count` ni 0. Vinginevyo husoma `a[head]`, husogeza kichwa kwa `(head + 1) % N`, na kupunguza idadi kwa moja.

Kosa la Moja

Hata hivyo, mstari wa kwanza ukiandikwa `count > N`, foleni iliyojaa haikatai. KITI ikiwa imo na kichwa kiko 0, herufi S huwekwa katika (0 + 4) % 4, yaani 0, na kuifuta K. Idadi huwa 5. Herufi zikitolewa zote, hutoka S, I, T, I, kisha S tena: SITIS. K imepotea, na S imesomwa mara mbili. Ukiandikwa `count == N - 1`, hakuna kinachoharibika, ila nafasi moja haitumiki kamwe. Kosa hili huweza kukaa miaka bila kugunduliwa.

Njia ya idadi nayo ina mpaka wake. Anayeweka na anayetoa wote huibadilisha `count`. Wakifanya kazi kwa wakati mmoja bila ulinzi, badiliko la mmoja huweza kufutwa na la mwenzake. Katika njia ya kichwa na mkia, kila mmoja hubadilisha alama yake pekee.

Hitimisho

Jaribio linalofichua makosa hayo ni fupi. Herufi tatu ziwekwe na kutolewa, ili kichwa kifike 3. Kisha nne ziwekwe, ya tano ijaribiwe na ikataliwe. Hatimaye nne zitolewe kwa mpangilio wake, na jaribio la kutoa ya tano likataliwe pia. Programu inayojaribiwa kwa herufi mbili tatu pekee haijafika ukingoni, na ni ukingoni ambako kujaa na utupu hukutana.