Ndege Ina Hitilafu, na Bado Inaruka

Ndege ikiwa imeegeshwa na kabini ni joto la kukausha nguo, huenda injini ndogo ya mkiani imegoma. Ndiyo inayotoa umeme na hewa kabla injini kubwa hazijawashwa. Bado safari yaweza kuendelea kihalali, kwa sababu kila shirika lina orodha iliyoidhinishwa na mamlaka ya anga, inayotaja kifaa gani kinaweza kuwa kibovu, kwa masharti gani na kwa muda gani. Shirika laweza kuikaza kuliko orodha mama ya aina hiyo ya ndege, lakini si kuilegeza.

Kwa injini hiyo ndogo, kwa kawaida muda ni siku 10, bila kuhesabu siku hitilafu ilipoandikwa. Fundi huizima, hubandika INOP kwenye swichi yake na kujaza kitabu cha ndege. Rubani naye huhitaji gari la hewa ya kuwashia injini ya kwanza. Ya pili huwashwa kwa hewa ya ile ya kwanza. Asipohakikisha kwamba uwanja aendako una gari hilo, atakwama huko.

Mtego ni hitilafu mbili kukutana. Kwenye Boeing 737, jenereta ya injini kubwa moja ikifa, ndege yaweza kuruka mradi ile ya mkiani inafanya kazi. Zikifa zote mbili, haiondoki. Na hata orodha ikiruhusu, rubani bado ana haki ya kukataa.