Fimbo ya Ivermektini Haipimi Unene

Fimbo ya kugawia ivermektini ina alama nne. Mtu mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 3. Kuanzia 120 hadi 140 ni viwili, kuanzia 141 hadi 158 ni vitatu, na kuanzia 159 kwenda juu ni vinne. Aliye chini ya alama ya kwanza hapewi kitu. Mgawaji, ambaye kwa kawaida ni jirani anayejitolea, hasomi mizani wala hapigi hesabu: anatazama utosi umefikia alama ipi, kisha anahesabu vidonge.

Katika Haut-Katanga dawa hii hugawiwa dhidi ya upofu wa mtoni, na pamoja na albendazoli dhidi ya matende. Kila ugawaji, swali ni lile lile: kwa nini mama mnene apewe sawa na kijana mwembamba, wakati mwili wake ni mkubwa zaidi? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba fimbo ni njia ya maskini ya kukwepa mizani, na kwamba aliyenona anapunjwa, hivyo aongezewe kidonge cha tano. Imani hiyo si sahihi, na haipati usahihi kwa kurudiwa.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Dozi inayolengwa ni mikrogramu 150 kwa kila kilo. Chukua wakazi wawili wa Kamatanda, pale Likasi, wote wenye urefu wa sentimita 163. Mchimbaji wa kilo 58 anameza vidonge vinne, yaani miligramu 12, na kupata takriban mikrogramu 207 kwa kilo. Mfanyabiashara wa kilo 96 anameza vinne vile vile na kupata 125. Kwa kalamu, tofauti ni kubwa. Ndani ya ngozi haina uzito huo, kwa sababu ivermektini huua minyoo michanga inayotembea kwenye ngozi, na 125 bado ni dozi inayofanya kazi hiyo. Minyoo mikubwa iliyo ndani ya vinundu haiuawi na dozi moja; huzuiwa tu kuzaa kwa miezi kadhaa, nayo huishi miaka kumi na zaidi.

Wazo la kuongeza vidonge limekwisha kujaribiwa, tena kwa kiwango ambacho hakuna mgawaji angethubutu. Utafiti uliofanyika Kameruni na kuchapishwa mwaka 2002 ulilinganisha dozi ya kawaida ya mikrogramu 150 kwa kilo na dozi ya 800, zaidi ya mara tano. Dozi kubwa haikuua minyoo mikubwa mingi kuliko ile ya kawaida. Iliongeza malalamiko ya macho kuona vibaya. Kilicholeta tofauti ni kurudia: waliopewa dawa kila miezi mitatu, kwa dozi yoyote kati ya hizo mbili, walikuwa na minyoo ya kike iliyokufa mingi zaidi kuliko waliopewa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mama mnene hapungukiwi na kidonge cha tano. Anapungukiwa mwaka anaokosa kuja kumeza.

Wala kuwashwa na kuvimba baada ya kumeza si dalili kwamba vidonge vilizidi. Ni mwili unaopambana na minyoo inayokufa, na aliye na minyoo mingi huwashwa zaidi.

Makosa yanayostahili kelele yako chini na juu ya fimbo. Msichana wa sentimita 138 na kilo 30 anastahili viwili, sawa na mikrogramu 200 kwa kilo. Akisimama na viatu vya kisigino na nywele zilizofungwa juu, atafikia 143 na kupewa vitatu, yaani 300. Mtoto wa sentimita 88 akikanyaga jiwe anavuka alama ya kwanza na kumezeshwa dawa ambayo mstari huo uliwekwa kumkinga nayo, kwani unasimama badala ya kilo 15. Ardhi ya mteremko au iliyochimbuliwa hufanya vivyo hivyo. Bibi aliyepinda mgongo, kinyume chake, asilazimishwe kunyooka: akisomeka 146 kwa kilo 50, vitatu vyake vinampa 180.

Kwa kifupi basi: viatu vivuliwe, kilemba kitolewe, visigino viguse ukuta, fimbo iguse ardhi tambarare. Alama zikaguliwe kwa utepe kabla ya kampeni; fimbo ikivunjika, 90, 120, 141 na 159 zichorwe ukutani kwa utepe huo huo. Kila mtu apimwe upya kila mwaka, maana watoto hukua. Mjamzito, aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa mahututi hawapewi, hata wawe warefu namna gani. Albendazoli haina fimbo: ni kidonge kimoja cha miligramu 400. Vidonge vimezwe mbele ya mgawaji, na idadi iandikwe daftarini hapo hapo.