Chati za Kagi na za mistari mitatu

Chati za Kagi na chati za mistari mitatu ni aina mbili za michoro ya bei zenye asili ya Japani. Neno *kagi* kwa Kijapani humaanisha ufunguo. Mwaka 1994 Mmarekani Steve Nison alizieleza katika kitabu chake *Beyond Candlesticks*. Chati hizi hazifuati muda: bei isiposogea vya kutosha, hakuna kinachochorwa, hata zikipita siku nyingi. Kwa kawaida hutumia bei ya kufunga, hivyo mruko wa bei uliotokea na kuisha ndani ya siku moja hauonekani.

== Mgeuko ==

Katika Kagi, mchoraji huchagua kwanza kiwango cha mgeuko. Mstari wa wima huendelea upande uleule mpaka bei irudi nyuma kwa kiwango hicho, ndipo mstari mpya huanza kuelekea upande wa pili. Mstari huwa mnene bei inapopita kilele kilichotangulia, na mwembamba inaposhuka chini ya bonde lililotangulia. Kwa hiyo mstari unaweza kugeuka bila kubadili unene.

Katika chati ya mistari mitatu hakuna kiwango kinachochaguliwa. Baada ya mistari mitatu au zaidi ya kupanda, mgeuko hutokea bei inapofunga chini ya sehemu ya chini kabisa ya mistari mitatu ya mwisho. Kwa kushuka ni kinyume chake.

== Mfano ==

Tuseme bei za kufunga ni yeni 100, 102, 105, 109, 104, 106, 101 na 110, na kiwango cha Kagi ni yeni 5. Kagi hugeuka kwenye 104, kwa sababu bei imeshuka yeni 5 kutoka 109. Hugeuka tena kwenye 110. Chati ya mistari mitatu haigeuki kabisa, kwa kuwa mistari yake mitatu ilianzia 100 na bei haikufunga chini ya hapo. Kwenye 110 huongeza tu mstari wa kupanda.

Bei ikiendelea 111, 112, kisha 108, mambo hubadilika. Mistari mitatu ya mwisho sasa imeanzia 109, hivyo chati hiyo hugeuka kwenye 108. Kagi haigeuki, maana bei imeshuka yeni 4 tu.

== Kelele zinazochujwa ==

Mfano huu unaonyesha kwamba Kagi huchuja kelele kwa ukubwa: kila mtikisiko ulio chini ya kiwango huachwa. Mistari mitatu huchuja kwa kulinganisha na mwendo wa karibuni. Baada ya mwendo mkubwa huvumilia marudio makubwa, lakini baada ya hatua ndogondogo hugeuzwa na mtikisiko mdogo.

Zote mbili hazichuji soko linaloyumba juu na chini kwa hatua zinazovuka mpaka wa mgeuko. Dalili yake ni migeuko inayofuatana kwa karibu katika eneo lilelile la bei.