Nusu mwaka inayopandisha bei ya kampuni

Kinu cha kusaga unga huuza kila siku. Lakini anayekadiria thamani yake kwa fedha zitakazoingia miaka ijayo mara nyingi huhesabu kana kwamba mapato yote ya mwaka hufika kwa mpigo tarehe 31 Desemba. Hapo kinu kinapunjwa, maana fedha ya Februari imesubirishwa miezi kumi bure.

Tuseme kinu kitabakiza shilingi milioni 121 mwaka wa kwanza, na mwekezaji anadai faida ya asilimia 21 kwa mwaka. Ukihesabu mwisho wa mwaka, unagawanya kwa 1.21 na kupata milioni 100 za leo. Ukichukua katikati ya mwaka, ambao ndio wastani wa siku fedha zinapoingia, unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 1.21, yaani 1.1, na kupata milioni 110. Kila mwaka unaofuata nao hupanda kwa asilimia 10 ileile, kwa kuwa kila fungu limesogezwa karibu kwa miezi sita.

Kosa hujificha kwenye bei ya kuuza kinu mwaka wa 5. Ikiwa imekadiriwa kwa kuzidisha faida ya mwaka huo, fedha hiyo italipwa siku ya mauzo, hivyo hupunguzwa kwa miaka 5 kamili, si 4.5. Na mnunuzi wa korosho Mtwara, ambaye msimu wake huanza Oktoba, asiitumie kabisa njia hii kwa mwaka unaoishia Desemba.