Nusu Alama Inapokwenda Chini

Mwanafunzi amepata alama 64 katika jaribio la kwanza la Kiswahili na 65 katika la pili. Wastani wake ni 64.5. Kila aliyesoma hesabu za shule ya msingi anajua kinachofuata: nusu inapanda, kwa hiyo mwanafunzi anaandikiwa 65. Katika mgawanyo wa madaraja unaotumika kwenye mtihani wa kidato cha nne Tanzania, B huanzia 65 na C huishia 64. Huyu, basi, ana B.

Lakini kama mwalimu wake ameachana na kalamu na kuandika programu fupi ya Python ya kutayarisha ripoti, mwanafunzi huyohuyo atapewa C.

```python
round(64.5)   # 64
round(65.5)   # 66
round(66.5)   # 66
```

Kompyuta haijaharibika, wala mwalimu hajakosea kuandika. Amri ya `round` inafuata kanuni nyingine kabisa: namba ikiwa katikati kabisa ya namba mbili nzima, inapelekwa kwenye ile iliyo shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili. Kati ya 64 na 65, shufwa ni 64. Kati ya 65 na 66, shufwa ni 66. Ndiyo maana 65.5 na 66.5 zimeishia mahali pamoja. Kanuni hii inahusu nusu kamili peke yake. 64.4 itakwenda 64 na 64.6 itakwenda 65, kama shuleni.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika Python 2, `round(64.5)` ilitoa 65.0. Mabadiliko yalikuja na Python 3, iliyotoka Desemba 2008. Wala kanuni yenyewe si ngeni, kwa kuwa kiwango cha kimataifa cha hesabu za namba zenye nukta katika kompyuta, IEEE 754 cha mwaka 1985, kilikuwa kimekwisha kuifanya njia ya kawaida.

Sababu yake ni nzito, na inaonekana vizuri kwa wanafunzi wanne wenye wastani wa 61.5, 62.5, 63.5 na 64.5. Jumla yao halisi ni 252, na wastani wa kundi ni 63. Tukitumia kanuni ya shuleni, alama zinakuwa 62, 63, 64 na 65. Jumla imepanda hadi 254 na wastani wa kundi umekuwa 63.5. Nusu alama imezaliwa bila mtu yeyote kujibu swali la ziada. Python inawaandikia 62, 62, 64 na 64, jumla inabaki 252 na wastani unabaki 63. Wawili wamepanda, wawili wameshuka, na makosa yamefutana.

Kwa anayejumlisha maelfu ya vipimo, huo ni msaada mkubwa. Kanuni ya shuleni inasukuma kila nusu upande mmoja, na msukumo huo unarundikana kadiri namba zinavyoongezeka.

Tatizo ni kwamba mzazi hasomi jumla ya darasa. Anasoma mstari mmoja, wa mtoto wake. Na kwenye mstari huo kanuni ya shufwa ina tabia ambayo mwalimu wa taaluma angeikataa akiiona waziwazi. Madaraja ya kidato cha nne huanzia 30 kwa D, 45 kwa C, 65 kwa B na 75 kwa A. Jaribu kuipa Python alama zilizo nusu chini ya kila mpaka: 29.5 inakuwa 30, na mwanafunzi anaepuka F. Lakini 44.5 inakuwa 44, 64.5 inakuwa 64, na 74.5 inakuwa 74. Aliye mpakani mwa D amevushwa, ilhali walio mpakani mwa C, B na A wamerudishwa, kwa sababu tu 30 ni shufwa na 45, 65 na 75 si shufwa. Hakuna shule inayoweza kumweleza mzazi hilo na likakubalika.

Na nusu hizo si adimu. Ukipima urefu au uzito kwa desimali nyingi, ni mara chache kupata nusu kamili, kwa hiyo kanuni yoyote itakupa karibu jibu lilelile. Wastani wa majaribio mawili ni jambo tofauti: kila jumla iliyo witiri ikigawanywa kwa mbili inatoa nusu kamili. Zikiwa jumla witiri na shufwa zinatokea sawasawa, nusu ya darasa ina alama inayoishia na .5. Mwalimu aliyehamisha kazi kutoka Excel atashtuka mapema, kwa kuwa `ROUND` ya Excel inapandisha 64.5 hadi 65.

Kuna mshangao wa pili, ambao mara nyingi huchanganywa na huu. Tuseme mtihani una uzito wa asilimia 70 na mwanafunzi amepata 45. Sehemu yake ni 31.5, na kanuni zote mbili zinakubaliana kwamba iwe 32, maana 32 ni shufwa. Hata hivyo:

```python
45 * 0.7          # 31.499999999999996
round(45 * 0.7)   # 31
round(45 * 7 / 10)   # 32
```

Hapa shufwa haina hatia. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu 0 na 1 tu, na kwa mfumo huo 0.7 haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Kinachohifadhiwa ni kidogo chini ya 0.7, na zao lake likaanguka chini ya nusu kabla `round` haijaanza kazi. Mstari wa tatu umepona kwa sababu umezidisha namba nzima kwanza na kugawanya mwishoni. Ukitaka kujua ni mshangao upi umekupata, chapisha namba kabla ya kuikadiria. Ukiona 64.5, chunguza kanuni. Ukiona mkia wa 9 nyingi, chunguza namba yenyewe.

Dawa ya alama za wanafunzi ni fupi. Moduli ya `decimal`, inayokuja na Python yenyewe, inahifadhi desimali kama tunavyoziandika na inamruhusu mwandishi kutaja kanuni anayoitaka:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP

wastani = Decimal(64 + 65) / 2
print(wastani.quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP))   # 65
```

Jina la kanuni lazima liandikwe, maana `quantize` ikiachwa bila maelekezo nayo itakwenda kwenye shufwa. Uzito wa mitihani uandikwe ndani ya alama za kunukuu, `Decimal("0.7")`. Ukiandika `Decimal(0.7)` utaingiza ile namba iliyopungua pamoja na kasoro yake. Na wastani wa darasa zima utafutwe kutoka kwenye alama ambazo bado hazijakadiriwa, ili ile nusu ya bure isijipenyeze.

Mwalimu mwenye programu ya ripoti asisubiri malalamiko ya wazazi. Aipitishe leo kwa alama nne, 29.5, 44.5, 64.5 na 74.5. Kama kanuni ya shule ni nusu kupanda na majibu si 30, 45, 65 na 75, ripoti zisitoke kwanza.