Je, Wajua? Chumvi ikikatwa, grafu hupinda wala hairuki

Chukua tangi lenye lita 100 za maji yasiyo na chumvi. Kila dakika huingia lita 5 za maji ya chumvi, gramu 20 kwa lita, na lita 5 zilizokorogwa vizuri hutoka. Uzito wa chumvi, y, hufuata mlinganyo huu:

y′ + 0.05y = 100, y(0) = 0

Ujanja ni kuzidisha pande zote kwa e^(0.05t). Upande wa kushoto hujikunja ukawa (e^(0.05t)·y)′, kitu kimoja kinachointigretika papo hapo. Tunapata:

y = 2000(1 − e^(−0.05t))

Sasa, dakika ya 20 maji yanayoingia yanabadilishwa, yakawa hayana chumvi. Upande wa kulia unakuwa 0. Hapa ndipo wengi huteleza: huanza kipande cha pili na y = 0, kana kwamba tangi limeoshwa! Thamani ya kuanzia ni ile iliyoachwa na kipande cha kwanza, takriban gramu 1264:

y = 1264e^(−0.05(t − 20))

Wakisahau kutoa 20 kwenye kipeo, jibu la dakika ya 20 hushuka hadi gramu 465 hivi, na chumvi haiyeyuki ikatoweka kwa nukta moja. Kinachoruka ni mwinuko tu: kutoka +36.8 hadi −63.2, tofauti ya 100 kamili, sawasawa na kilichokatwa upande wa kulia.