Ziwa Chadi Likitazamwa kutoka Angani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Chadi lilikuwa na kilomita za mraba 25,000 hivi. Ukame ulipokaza, sehemu kubwa ikakauka, na setilaiti za Landsat, zinazopiga picha tangu 1972, zikashuhudia.

Hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Maji huumeza, yakatokea meusi pichani. Majani mabichi huurudisha, yakang'aa.

Mtego uko hapo hapo. Matete yaliyoota majini hung'aa kama ya nchi kavu, na ziwa likadhaniwa dogo kuliko lilivyo. Rada ya mawimbi marefu hupenya matete na kuyafichua maji. Tena, picha ya Januari hailinganishwi na ya Juni: mafuriko ya mto Chari hulifikia ziwa mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimekwisha.